Nyekundu Juu ya Nyeusi

Watu wa mtaa wa Asafo walimjua Pokuaa kwa sababu ya wafu wao. Ukifiwa pale Kumasi unatafuta jeneza, unatafuta wapishi, kisha unakwenda kwa Pokuaa akakutengenezee bango la msiba: picha ya marehemu akiwa amependeza kuliko alivyowahi kupendeza siku yoyote ya uhai wake, umri wake, siku ya mazishi, na chini yake majina ya wafiwa kwa mpangilio wa ukoo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine kubwa ya kuchapa, na kutani picha za marehemu wa miaka sita ya kazi zikimtazama akila chakula cha mchana.

Kwa wafu wa wenzake hakuwahi kukosea. Alikosea kwa mama yake mwenyewe. Mama Nyarkoa alipofariki, Pokuaa alitengeneza bango jeupe, lenye nafasi ya kupumua, maandishi machache, na majina ya watoto wa marehemu yakiwa juu. Jina la Mjomba Adarkwa, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo, lilikaa mstari wa nne. Mjomba alisimama mbele ya bango lile getini, waombolezaji wakimtazama, akalisoma mpaka akajikuta yuko chini ya watu aliowafuta makamasi. Alikaa na hilo neno moyoni, na ukoo mzima ukakaa nalo. Tangu siku hiyo Pokuaa akiingia kwenye kikao cha familia mazungumzo yanapoa, na shangazi mmoja hakosi kusema, "Mpisheni mbunifu akae." Wanamwita mbunifu kama mtu anavyomwita mwizi mheshimiwa.

Aliyebaki upande wake ni mdogo wake, Frema. Frema alipika na mama yao tangu akiwa anafika kimo cha sufuria. Mama alipofariki, mwenye nyumba aliutaka tena ukumbi wa chakula aliokuwa amempangisha, na Frema akahamishia mafiga kwenye kibaraza cha nyumbani, akipikia majirani watatu na fundi viatu mmoja anayelalamika. Kwa hiyo kituo kipya cha mabasi yaendayo Tamale kilipotangaza kwamba kuna jiko moja la kukodishwa ndani ya ukumbi wa abiria, Frema hakulala. Aliomba, akapita mchujo, wakabaki wawili: yeye na mwanamke mmoja wa kabila la Kiewe kutoka pwani, anayeitwa Mama Esinam, muuza wali na maharage.

Msimamizi wa kituo, Bwana Kwarteng, alikuwa na jambo moja linalomkera duniani, nalo ni watu kurundikana. Aliwaita wote wawili akawaambia hivi: Jumamosi kila mmoja atapewa upande wake wa ukumbi na bango moja tu. Kwenye bango kuwe na msimbo ule wa viboksi. Abiria aelekeze simu yake akiwa amekaa kwenye benchi, menyu ifunguke, achague, aletewe pale pale. Kaunta isiwe na foleni. Atakayewalisha abiria wake vizuri kwa mtindo huo ndiye atakayepata jiko.

"Mimi nikisikia mtu anaita wateja kwa mdomo kama yuko sokoni," alisema Bwana Kwarteng, "namtoa hapo hapo."

Frema alitoka mle akaenda moja kwa moja dukani kwa dada yake.

"Dada Pokuaa, mimi najua kupika. Mambo ya viboksi viboksi siyajui. Nipe bango linalosoma, basi. Nikikosa hili jiko, nitazeeka na yule fundi viatu."

"Utalipata," Pokuaa alimwambia, na siku ile alimaanisha.

Walikaa pamoja mchana kutwa. Frema alitaja vyakula, Pokuaa akavipanga kwenye ukurasa wa mtandaoni: fufu ya muhogo uliotwangwa na supu nyepesi ya mbuzi, ampesi ya viazi vikuu na ndizi za kuchemsha na mchuzi wa majani ya kontomire, wali wa jollof, samaki wa kukaanga. Kiungo cha ukurasa akakifupisha kabisa, kwa sababu kiungo kikiwa kirefu msimbo unajaa viboksi vidogo vidogo kama mchele, na kamera ya simu iliyo mbali inashindwa kuvitenganisha. Kisha akamuuliza mdogo wake benchi la kwanza liko umbali gani na ukuta.

"Hatua tatu hivi."

"Tuseme mita tatu. Umbali unaugawa kwa kumi, ndio upana wa msimbo. Sentimita thelathini."

"Thelathini? Si sinia hilo!"

"Sinia ndilo tunalotaka. Unataka wakuone au unataka uwe na haya?"

Frema akacheka. Pokuaa akachora msimbo mweusi juu ya mweupe, akaacha ukingo mweupe pande zote, mpana kama viboksi vinne, bila ua wala maandishi ndani yake, maana simu hutafuta kwanza yale macho matatu, viboksi vikubwa vya kwenye pembe za msimbo, na ukiyabana na mapambo inapoteza njia. Juu yake akaandika kwa herufi nene: Elekeza simu hapa, uagize ukiwa umekaa. Chini, jina la Frema. Ukingoni kabisa, kwa maandishi madogo kama afanyavyo kwa kazi zote, jina la duka lake na simu yake. Alichapa nakala ya majaribio, akaibandika ukutani usawa wa kifua, akachukua simu ya Frema iliyopasuka kioo, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango. Menyu ikafunguka kabla hajanyoosha mkono sawasawa.

"Yesu wangu!" Frema akapiga makofi. "Hata na hiki kigae changu?"

"Likisoma kwa simu mbovu litasoma kwa simu zote. Hapo ndipo mtihani ulipo."

Laiti mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi fupi na Frema angekuwa mtu mwenye jiko. Lakini jioni ile Mjomba Adarkwa alipita dukani. Alikuwa hajakanyaga pale tangu mazishi. Aliingia na nguo yake nyeusi ameitupia begani, akasimama mbele ya bango jeupe, vile vile alivyosimama getini siku ya mazishi.

"Hili ndilo la Jumamosi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Jeupe."

"Jeupe, Mjomba, ili—"

"Mwaka wa dada yangu haujatimia. Bado wiki tano. Wewe uliyekaa miaka yote ukila kwa misiba ya watu, hujui nani anavaa nyeupe na lini? Tukavae nyeupe kituo kizima kituone, waseme watoto wa Nyarkoa wameshamaliza kulia, wanafanya biashara?" Alikuwa anaongea polepole, bila ukali, na huo upole ulimchoma zaidi. "Na yeye mwenyewe yuko wapi? Huyu mtoto anapika mapishi ya nani? Nyarkoa yuko wapi hapa?"

Frema alitazama chini. Pokuaa alijaribu. Ni haki yake kusemwa hivyo: mara moja alijaribu.

"Mjomba, hili si bango la kusomwa na watu. Linasomwa na simu. Simu inataka giza juu ya mwanga. Tukigeuza rangi—"

"Simu ndiyo mkuu wa ukoo siku hizi?"

Shangazi hakuwepo, lakini Pokuaa alimsikia. Mpisheni mbunifu akae. Akavuta kiti, akafungua kompyuta, akauliza, "Unataka liweje, Mjomba?"

Akataka liwe jeusi lote. Picha ya Mama Nyarkoa ijaze nusu ya juu na zaidi, akiwa na kitambaa chake cha kichwani. Msimbo uwe mwekundu, ule wekundu mzito wa nguo ya msiba. Na pale katikati ya msimbo aliona kwenye benki wameweka nembo. Basi pale iwekwe sura ya Nyarkoa tena, ndogo, ili anayeagiza ajue anaagiza kwa nani. Pokuaa alijua kwamba katikati unaweza kufunika kidogo ukiongeza kinga ya makosa, ile akiba inayoijazia simu viboksi vilivyofunikwa, akaiongeza mpaka mwisho, na viboksi vikaongezeka, vikawa vidogo zaidi. Picha ya juu ilikula nafasi. Msimbo ukabaki sentimita kumi na mbili, pale chini, mwekundu juu ya mweusi, umegeuzwa giza kwa mwanga, umebanwa pande zote. Kila kosa alilokuwa akiwakanya vijana waliokuja dukani kwake kujifunza uchapaji alilitia kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya jingine.

"Hebu lijaribu hilo linavyosoma," Mjomba akasema.

Pokuaa akatoa simu yake, mpya, ya bei, akaielekeza kwenye kioo cha kompyuta. Menyu ikafunguka.

Sasa hapa pana jambo ambalo kila mchapaji analijua, na Pokuaa alilijua kuliko wengi. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga. Wekundu ule kwenye kioo unawaka kama kaa la moto. Ukiuchapa kwenye karatasi nyeusi unazima. Simu mpya husoma hata msimbo uliogeuzwa rangi. Simu nyingi za zamani hazijishughulishi nao. Na yeye alikuwa ameishika simu karibu kama mtu anayenusa chungu. Jaribio lile halikuthibitisha kitu.

Mjomba Adarkwa akaweka mkono kichwani mwa Pokuaa. Hakuwa amemgusa tangu mazishi.

"Leo," akasema, "leo nimemwona mtoto wa dada yangu."

Alipokwenda zake, Frema alibaki anatazama kioo.

"Dada. Hili litasoma? Pale ukumbini?"

"Si umeona limesoma?"

"Nimeona. Nakuuliza wewe."

"Litasoma, Frema," alisema Pokuaa, huku bado akisikia uzito wa ule mkono kichwani. "Usiwe na wasiwasi."

Kesho yake asubuhi Mama Esinam aliingia dukani, mnene, mwenye haraka, ana unga kwenye kiwiko. Hakujua Pokuaa ni dada wa nani. Alitaka bango la msimbo na hakuwa na habari ya namna linavyopaswa kuwa. Akaona ile nakala nyeupe bado iko ukutani, hata jina la chini hakulisoma.

"Kama hili! Hili hili. Niwekee jina langu na vyakula vyangu."

Pokuaa angeweza kusema mashine ni mbovu. Angeweza kumwelekeza duka la jirani, ambako wangemtengenezea takataka kwa furaha. Lakini mteja ni mteja, na mpangilio ulikuwa bado uko wazi kwenye kompyuta, na kazi iliyotengenezwa vizuri inamwasha mkono fundi. Akabadilisha jina, akabadilisha kiungo, akalichapa kwenye karatasi isiyong'aa. Hata ushauri akampa, bila kuombwa.

"Ulibandike usawa wa kifua cha mtu, mama. Si juu. Mbali na taa, lisije likamulikwa. Na mbele yake usiweke kitu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Wewe una roho nzuri."

Pokuaa alijiambia kwamba wali na maharage hauwezi kushindana na mkono wa Frema. Alijiambia mengi asubuhi ile.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Mjomba Adarkwa alikuja mwenyewe kusimamia bango la dada yake, na fundi mwenye ngazi akafuata nyuma. Frema alionyesha mahali kando ya benchi la kwanza.

"Hapo?" Mjomba alikunja uso. "Uso wa Nyarkoa uwe usawa wa matako ya watu? Watoto wapanguse mikono ya mafuta usoni mwake? Pandisha. Pandisha. Bado."

Likapanda mpaka juu ya kaunta, chini ya taa ndefu, juu kupita kichwa cha mtu mrefu. Pokuaa alikuwa amelichapa kwenye karatasi ya kung'aa, kwa kuwa Mjomba alitaka ing'ae, na taa ikamwaga mstari mweupe wa mwanga katikati ya msimbo. Lilikuwa zuri. Hilo halina ubishi. Mama Nyarkoa alikuwa anawatazama abiria kwa macho yake ya upole, na baadhi yao walivua kofia. Mwanamke mmoja alimuuliza Frema mazishi ni lini.

Kisha watu wakasikia njaa, wakatoa simu.

Kijana mmoja kwenye benchi la kwanza akaelekeza, akasubiri, akatikisa simu kama redio iliyokatika, akaelekeza tena. Mzee aliye karibu naye akasimama, akanyoosha mkono juu, akasogea, akarudi nyuma, akakodoa macho. "Mbona haioni kitu?" Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipanda kwenye mzigo wake. Hakuna. Pokuaa akaja mbio na simu yake mpya, akapanda juu ya kiti cha kaunta, akaikaribisha mpaka karibu igonge karatasi, akaikinga taa kwa mkono. Menyu ikafunguka. Wote wakatazama menyu ile kwenye simu ya mtu mmoja aliyesimama juu ya kiti.

"Basi tupandishe na sisi," kijana akasema, na benchi zima likacheka.

Upande wa pili wa ukumbi, Mama Esinam hakuwa anaonekana. Alikuwa anazunguka na sinia. Simu zilikuwa zinainuliwa na kushushwa bila mtu kuacha mazungumzo yake. Abiria wa upande wa Frema walianza kuhama benchi, mmoja mmoja, kwa aibu kidogo, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

Frema alitoka nyuma ya kaunta. Supu ilikuwa inachemka nyuma yake, harufu yake imejaa ukumbi, na hakuna aliyeweza kuiagiza. Akafungua mdomo, "Supu ya mbuzi, jamani, fufu iko—" na Bwana Kwarteng akainua kidole kutoka mlangoni. Frema akafunga mdomo.

Akamwendea Pokuaa, akamshika mkono.

"Dada, lile jeupe. Lile la kwanza. Unaweza kulichapa sasa hivi?"

"Naweza. Asafo si mbali. Nachukua teksi, narudi kabla mabasi ya mchana hayajaondoka."

"Nenda, basi! Nenda!"

Pokuaa akachukua mkoba wake. Mjomba Adarkwa alikuwa amekaa kwenye kiti alichowekewa mbele ya kaunta, fimbo katikati ya magoti.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchapa jingine, Mjomba. Hili halisomi. Nitaliweka pale chini tu, karibu na benchi, hili la Mama libaki juu."

"Msimamizi alisema bango moja." Hilo lilikuwa kweli. "Kwa hiyo utamshusha mama yako. Mbele ya hawa wote. Mtu amepandishwa asubuhi, mchana anashushwa, ili apandishwe nani? Karatasi nyeupe?" Akatazama mbele, si usoni mwake. "Ulimfanya hivi mara ya kwanza, nikanyamaza. Haya. Fanya ya pili."

Frema alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alikuwa anamngoja dada yake tu, kwa uso wa mtu aliyeshika ncha moja ya mzigo anamngoja mwenzake aishike nyingine. Pokuaa alijua kwamba akitoka kwenye mlango ule, ukoo hautamsamehe tena, hata akifa bango lake watalipeleka kwa mchapaji mwingine. Alijua pia lililokuwa linachemka kwenye yale masufuria. Yote mawili aliyajua sawasawa. Akauweka mkoba juu ya kaunta.

"Tungoje kidogo," alisema. "Labda taa ikizimwa."

Uso wa Frema ulishuka taratibu. Akageuka, akarudi jikoni, akapunguza moto.

Ilipofika saa tisa Bwana Kwarteng hakuhitaji kuhesabu chochote. Alimpa Mama Esinam mkono, akamwambia Frema kwa adabu kwamba chakula chake kinanukia vizuri sana, pole. Mjomba Adarkwa alisema kazi ya mjini ndivyo ilivyo, ina upendeleo, na hawa watu wa pwani wanajuana. Akaagiza bango lishushwe kwa uangalifu, lisikunjwe, litatumika siku ya kutimiza mwaka.

Frema alivuka ukumbi kwenda kumpongeza Mama Esinam, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyolelewa. Alipofika mbele ya bango jeupe akasimama. Pokuaa alimwona akilitazama: msimbo mpana kama sinia, ukingo safi, herufi nene. Elekeza simu hapa, uagize ukiwa umekaa. Kisha akainama akasoma yale maandishi madogo ya ukingoni.

Alirudi polepole.

"Ni lako."

"Frema, alikuja dukani kama mteja, mimi sikuweza—"

"Ni langu, basi. Ndilo lile langu. Umetoa jina langu ukatia lake."

"Mjomba alikuwa amelikataa. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nikakuuliza." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Yeye mzee, hajui. Mimi mpishi, sijui. Nani alikuwa anajua mle ndani, Dada Pokuaa? Nilikuuliza wewe, si simu yako. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi." Akaanza kufunga masufuria kwa kitenge. "Mgeni ulimfanyia kazi. Mimi ukanifanyia heshima."

Pokuaa alitaka kulia, na akaona hata kilio chenyewe hana haki nacho pale, akamsaidia kubeba masufuria mpaka Frema alipoyatoa mikononi mwa dada yake.

Siku ya kutimiza mwaka ilikwenda vizuri mno. Ukoo ulivaa nyeupe, Pokuaa akakalishwa safu ya mbele karibu na Mjomba, na shangazi mwenyewe akamletea kinywaji. Bango jeusi lilikuwa limesimama kwenye fremu, watu wakilisifu. Alikuwa amerudishiwa alichokuwa anakitaka. Frema alipika, akapakua, akaosha vyombo, akaondoka bila kumuaga dada yake.

Mvua za kwanza zilipoanza Mama Esinam alimpigia Pokuaa simu. Biashara imepanuka, anataka mabango kwenye nguzo zote za ukumbi. Pokuaa alikwenda kuzipima. Nguzo zilikuwa za mviringo, na karatasi ikizungushwa kwenye nguzo msimbo unapinda, pembe zake zinapotelea nyuma, simu haioni macho yote matatu. Akachonga mbao bapa, akazifunga kwenye nguzo usawa wa kifua, akabandika mabango juu yake, msimbo mweusi juu ya mweupe, kila moja kwa kipimo cha umbali wa benchi lake. Hakuna aliyesimama nyuma yake kumwambia lolote. Alimaliza kabla ya mchana.

Kisha akakaa kwenye benchi la mwisho kabisa, akaelekeza simu. Menyu ikafunguka papo hapo. Wali na maharage ulikuwa juu, na chini yake vyakula ambavyo Mama Esinam hakuwa akipika zamani: fufu na supu nyepesi ya mbuzi, ampesi na mchuzi wa kontomire. Akabonyeza ampesi.

Aliyeileta alikuwa amevaa aproni ya kijani yenye jina la Mama Esinam kifuani.

"Oda ya benchi la mwisho?"

"Frema. Ni mimi."

"Nauliza oda ya benchi la mwisho."

"Ndiyo," Pokuaa akasema. "Ni yangu."

Frema akaweka sahani, akapanga kijiko na leso kando yake kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa kila mtu.

"Msimbo umesoma vizuri?"

"Umesoma."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Frema akatazama bango kwenye nguzo, lilivyonyooka, lilivyo safi, akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amemtazama dada yake.

"Kazi nzuri," akasema. "Karibu chakula, mteja."

Akaenda zake na sinia, simu ya mtu mwingine ilikuwa imeshainuka benchi la tatu. Pokuaa akashika kijiko akala, kwa sababu watu wa benchi la jirani walikuwa wanamtazama.